Siku ishirini nilizozilipia bila kujua

Kwa miaka minne nilikuwa natoa shilingi laki moja karibu kila mwezi bila kuiona. Haikuwamo kwenye daftari langu la matumizi, hakuna aliyenidai, na sikuwahi kuikatia risiti. Ilikuwa imelala chini kabisa ya ankara ya vitambaa, kwenye mstari mmoja mdogo ulioandikwa 2/10 net 30.

Nina karakana ya kushona sare Ngamiani, hapa Tanga. Tuna mashine saba, mafundi sita, na mimi mwenyewe. Kazi yetu kubwa ni ovaroli na makoti ya kazi kwa ajili ya viwanda, na kuanzia Novemba tunageukia sare za shule. Kitambaa nanunua kwa mfanyabiashara wa jumla Kariakoo. Mwanzoni nilikuwa nafunga safari hadi Dar es Salaam na fedha mkononi. Baada ya mwaka mzima wa kununua bila kumkosea, akaanza kunipa mali kauli: napiga simu, majora yanapakiwa, mzigo unafika Tanga kesho yake, na ankara imo ndani. Oda yangu ya kawaida ni ya milioni tano.

Karani wake alinieleza maana ya ule mstari siku ya kwanza kabisa, na alinieleza vizuri. "Net 30" maana yake deni lote lilipwe ndani ya siku thelathini tangu tarehe ya ankara. "2/10" maana yake ukilipa ndani ya siku kumi za kwanza, unajikatia asilimia mbili. Mimi nikasikia thelathini tu. Asilimia mbili niliiona ni pesa ya kumpa mtoto akanunue maandazi, lakini siku thelathini za kukaa na mali ya mtu bila kulipa niliziona ni zawadi.

Aliyenifungua macho ni mzee mmoja jirani yangu, karani wa hesabu mstaafu aliyefanya kazi miaka mingi kwenye mashamba ya mkonge. Alikuja kupunguziwa suruali. Wakati nampima akaiona ankara juu ya meza, akavaa miwani, akaisoma yote kama mtu anayesoma barua ya mwanawe.

"Mwanangu, vitambaa hivi bei yake ngapi?"

"Milioni tano, mzee."

"Hapana. Bei yake ni milioni nne na laki tisa. Hiyo laki ya juu unalipia kitu kingine."

Nikamwambia hilo ni punguzo tu, anayewahi ndiye analipata. Akatikisa kichwa. Akaniambia nisilitazame kama punguzo. Muuzaji yuko radhi kabisa kuuachia mzigo ule kwa 4,900,000 akipata hela yake ndani ya siku kumi, kwa hiyo hiyo ndiyo bei ya mali. Laki moja inaongezeka pale tu ninapoamua kukaa na hela yake zaidi. Ni kodi, kama kodi ya chumba, isipokuwa nilichopanga ni fedha.

"Sasa niambie umeipanga kwa siku ngapi," akasema.

"Thelathini."

"Hebu hesabu tena."

Hapo ndipo nilipokuwa nimekosea miaka yote minne. Siku kumi za kwanza ni za bure kwa kila mtu. Hata anayelipa kwa bei ya chini anazipata. Ukiamka siku ya kumi una njia mbili mbele yako: utoe 4,900,000 leo, au utoe 5,000,000 siku ya thelathini. Kati ya leo na siku ile kuna siku ishirini. Laki moja ile inanunua siku ishirini tu, hakuna nyingine.

Akachukua kalamu na kuandika nyuma ya ankara yangu. Kodi ni 100,000. Fedha iliyopangwa ni 4,900,000, si milioni tano, kwa sababu hiyo ndiyo ambayo ningepaswa kuitoa. Ukigawa unapata zaidi kidogo ya asilimia mbili kwa siku ishirini. Mwaka una siku 365, na siku ishirini zinaingia humo mara kumi na nane na robo. Hesabu yake kwa kifupi ni hii:

```
(2 / 98) × (365 / 20) = 0.372
```

Asilimia 37 kwa mwaka. Na hiyo ni hesabu nyepesi. Ukihesabu kwamba kila laki uliyoipoteza nayo ingeweza kukuzalishia katika vipindi vinavyofuata, gharama inapanda hadi kama asilimia 44.6. Mimi nimebaki na ile ya 37 kwa sababu naweza kuifanya kwenye kikokotoo cha simu nikiwa nimesimama kaunta.

Lazima niseme kwa nini namba hiyo ilinikata maini. Mimi sikopi benki. Nimelelewa kuogopa riba, na hata ofisa wa benki alipokuja dukani kunishawishi kwa mkopo wa asilimia 18 kwa mwaka nilimkatalia kwa heshima na nikajiona nimesalimika. Kumbe kwa upande wa pili nilikuwa nakaa na fedha ya mtu kwa bei ya mara mbili ya ile niliyoikataa, kwa sababu tu haikuitwa kwa jina lake. Nilimuuliza mzee kama hii nayo ni riba. Akanijibu kwamba suala la dini nimuulize sheikh wangu, yeye ananionyesha gharama tu.

Usiku ule nilitoa ankara zote za mwaka na kuziweka kando ya jumbe za benki zinazoonyesha siku hela ilipotoka. Nilinunua mara kumi na moja. Mara moja tu nililipa ndani ya siku kumi, tena kwa bahati, kwa sababu nilikuwa na safari ya Dar. Mara tano nililipa siku ya ishirini na nane au tisa. Hizo nilizitegemea. Zilizoniumiza ni zile tano zilizobaki, nilizolipa kati ya siku ya kumi na mbili na ya kumi na nane.

Nilikuwa na tabia ambayo nilidhani ni uungwana: hela ikiingia tu, nalipa deni, nilale usingizi. Lakini laki moja haipungui kwa sababu umelipa siku ya kumi na tano badala ya siku ya thelathini. Ni ileile. Tofauti ni kwamba safari hii umeinunulia siku tano badala ya ishirini. Weka tano mahali pa ishirini kwenye hesabu ya mzee na gharama inaruka hadi asilimia 149 kwa mwaka. Anayekosa siku ya kumi kwa siku chache ndiye analipa ghali kuliko wote. Kama siku ya kumi imeshapita, kaa na hela yako mpaka karibu na siku ya thelathini na uifanyie kazi nyingine. Na kulipa siku ya pili au ya tatu hakuna faida ya ziada, kwa sababu punguzo la siku ya tatu ni sawa na la siku ya tisa. Kwa masharti haya zipo siku mbili tu za maana, ya kumi na ya thelathini.

Rafiki yangu mmoja mwenye duka la vitambaa barabara za juu huku Ngamiani aliponisikia nikilalamika alicheka. Yeye, aliniambia, huwa halipi siku ya thelathini. Hulipa ya arobaini na tano, na muuzaji wake hunung'unika kidogo kisha hunyamaza. Nilifanya hesabu yake na kweli, kwa namba peke yake, ana hoja. Ukikaa hadi siku ya 45, laki ile inanunua siku 35 na gharama inashuka hadi asilimia 21. Ukifika siku ya 60 inakuwa kama 15. Namba hizo ni za kweli, lakini mimi nilishawahi kuchelewa hivyo mara moja, na najua kilichofuata. Oda iliyokuja baada ya hapo nilipewa majora ya bluu yaliyotoka kwenye mitungi miwili tofauti ya rangi. Dukani huwezi kuona tofauti. Ukishashona koti, mkono wa jora hili na kifua cha jora lile, juani inaonekana kama mtu amevaa nguo mbili. Makoti kumi na tisa yalirudishwa. Wateja wanaolipa kwa wakati ndio wanaochaguliwa majora ya mkupuo mmoja, na hilo haliandikwi kwenye ankara yoyote.

Basi nikaamua kulipa kabla ya siku ya kumi. Kuamua ni rahisi. Hela ilikuwa inatoka wapi? Maana mzunguko wangu ni huu: kitambaa kinafika leo, tunakata na kushona kwa siku tisa au kumi, tunapeleka kiwandani, na kiwanda nacho kinanilipa kwa siku thelathini. Fedha ya ovaroli inarudi mkononi karibu siku ya arobaini. Nikilipa siku ya kumi nimetoa hela mwezi mzima kabla haijarudi.

Nilitaka kukata tamaa hapo, mzee akanirudisha tena kwenye zile siku ishirini. Hata nikilipa siku ya thelathini, alisema, bado natoa hela siku kumi kabla ya kiwanda kunilipa. Pengo nilikuwa nalo tangu zamani na nilikuwa naliziba. Ninachotafuta sasa ni kulirefusha kwa siku ishirini tu, na swali ni kama kulirefusha kutanigharimu chini ya laki moja. Kwa mtu anayekopa benki jibu ni jepesi. Milioni nne na laki tisa kwa asilimia 18, kwa siku ishirini, riba yake ni kama shilingi 48,300. Atakuwa ameokoa laki moja kwa kutumia elfu arobaini na nane, na elfu hamsini na kitu inabaki mfukoni kwa kila ankara. Aangalie tu ada ya kuandaa mkopo, kwa sababu ada ya elfu sitini kwa kila mkopo mdogo inaimeza faida yote.

Mimi sikutaka njia hiyo, nikatafuta ndani ya karakana. Nyuma ya mashine ya overiloki kulikuwa na majora ya khaki niliyonunua Agosti kwa ajili ya shule za Januari, yenye thamani ya karibu milioni mbili, kwa sababu niliogopa bei itapanda. Bei haikupanda. Kwenye simu nilikuwa na akiba ya dharura ya milioni moja na nusu iliyokaa mwaka mzima bila kuguswa. Na kubwa kuliko yote, sikuwahi kukiomba kiwanda malipo ya awali hata siku moja. Nilidhani wakubwa hawaombwi. Nilipouliza, meneja ununuzi alinijibu kwa utulivu kwamba kwa bidhaa zinazoshonwa kwa vipimo na kubandikwa nembo yao, wanaruhusiwa kutoa sehemu mbele. Tukakubaliana asilimia thelathini. Khaki niliacha kununua mapema. Akiba niligusa sehemu, nikabakisha mishahara ya wiki mbili, kwa sababu punguzo la laki moja halina maana kama Jumamosi mafundi wanasimama mlangoni bila chao.

Kabla ya hapo nilifanya jambo moja ambalo namshauri kila mtu alifanye. Nilimtuma mpwa wangu anayesoma Dar apite maduka mawili mengine Kariakoo aulize bei ya fedha taslimu ya kitambaa kilekile, uzito uleule, upana uleule. Kwa sababu punguzo linaweza kuwa la maneno: muuzaji anapandisha bei kwanza, kisha anakupunguzia. Kama jirani yake anauza kwa 4,800,000 taslimu bila masharti yoyote, basi ile 4,900,000 si bei ya chini. Mpwa wangu akarudi na bei zilizotofautiana na yangu kwa elfu chache tu. Punguzo langu lilikuwa la kweli.

Kosa la pili lilinipata nikiwa upande wa pili wa meza, na hilo lilikuwa langu mwenyewe. Nilipoona jinsi muuzaji wangu anavyovuta hela yake mapema, nikaiga. Kuna mteja mwingine mkubwa, sitamtaja, aliyekuwa ananilipa taratibu. Nikamwandikia kwenye ankara ya shilingi 8,400,000 sharti lilelile, asilimia mbili ndani ya siku kumi. Siku ya ishirini na saba ikaingia 8,232,000. Walikuwa wamekata 168,000 yao na wamelipa kama siku zote.

Nilipokwenda ofisini kwao, mhasibu hakunijibu vibaya. Alinionyesha muhuri. Ankara yangu ilikuwa na tarehe ya siku nilipoiandika, lakini ilikaa mapokezi, ikaenda stoo kulinganishwa na hati ya kupokelea mzigo, ikapanda uhasibu ikiwa na muhuri wa siku kumi na nane baadaye. Kwa hesabu yao siku ya kwanza ilikuwa siku ya muhuri, na wao hulipa mara mbili tu kwa mwezi. Mimi sikuwa nimeandika siku kumi zinaanza lini. Hasira yangu ilikuwa kubwa kuliko haki yangu, nikarudi nyumbani bila ile 168,000.

Jioni ile nilipima nilichokuwa nimegawa. Kwenye ovaroli, nikishatoa kitambaa, uzi, zipu, ufundi, umeme na usafiri, faida yangu ni kama asilimia kumi na mbili ya bei. Kwenye ankara ile ni karibu shilingi 1,008,000. Asilimia mbili ya bei haikatwi kwenye bei, inakatwa kwenye faida, na humo ndani ni moja ya sita. Na hesabu ya mzee inageuka dhidi yangu: kwa kumpa mteja 2/10 net 30 mimi ndiye ninayenunua siku ishirini kwa asilimia 37 kwa mwaka. Ina maana kwangu pale tu hela hiyo inapokwenda kufanya kazi inayolipa kiasi hicho au zaidi. Hela ya kuwahi siku ya kumi ya muuzaji wangu wa Kariakoo inafaa, kwa sababu inaokoa kiasi hichohicho. Hela ya kukaa kwenye simu haifai hata kidogo.

Sasa wateja wengi siwapi punguzo lolote. Mmoja namwekea asilimia moja kwa siku kumi, ambayo kwa mwaka ni kama 18.4, na namwekea tu katika miezi ambayo najua ankara ya majora itafika kabla yake. Na siandiki tena namba za mafumbo. Ankara inaandika tarehe na kiasi: "Malipo yakisoma kwenye akaunti yetu hadi tarehe 14 Machi, lipa shilingi 8,316,000. Baada ya hapo, hadi tarehe 3 Aprili, lipa shilingi 8,400,000." Naipeleka mwenyewe kwa mkono uhasibu, nagongewa muhuri nikiwa nimesimama pale, na tarehe nazihesabu kuanzia muhuri huo. Tangu nianze hivyo hakuna aliyekata asilimia yangu nje ya siku zake.

Kwa upande wa manunuzi, kalenda ya ukutani ndiyo msaidizi wangu. Mzigo ukifika nafungua ankara kabla ya kufungua majora, nahesabu siku kumi kutoka tarehe iliyoandikwa, si siku mzigo ulipofika, na naizungushia wino mwekundu siku ya nane. Mwezi huu siku ya kumi ilikuwa imeangukia Jumapili. Nikampigia karani wa Kariakoo.

"Shikamoo kaka. Jumapili inahesabiwa?"

"Marahaba, dada. Inahesabiwa kama siku nyingine. Hela isome kwetu Jumamosi kabla ya saa sita, niikate asilimia zako."

Nikaituma Ijumaa asubuhi.